Nyumba ya Marehemu Baba na Mtoto Aliyebaki Ndani

Leo mazungumzo yetu yanaingia ndani ya nyumba ya urithi, nyumba moja yenye warithi watano, ambamo mrithi mmoja anaishi na wanne wako nje wanadai chao. Ukiwa na kalamu na karatasi karibu, vichukue, maana tutapiga hesabu pamoja, taratibu, hadi mwisho.

Mara nyingi mambo huanza hivi. Mzee kafariki, arobaini imesomwa, ndugu wametawanyika. Nyumbani kabaki mtoto mmoja. Huyu hakuhamia baada ya msiba. Alikuwapo tangu awali, ndiye aliyekuwa akimpeleka baba hospitali. Hakuna aliyemwambia atoke, na yeye hakuomba ruhusa ya kukaa. Mwaka wa kwanza unapita, wa pili unapita. Siku moja dada yake anapungukiwa ada ya mtoto, anapiga simu: "Mdogo wangu, ile nyumba ni yetu sote. Mimi nitakula lini changu?" Na mdogo mtu anajibu: "Dada, nilipokuwa namuuguza baba mlikuwa wapi? Na bati nani kalibadilisha?"

Sikiliza vizuri majibizano hayo. Dada anauliza kuhusu fungu lake. Kaka anajibu kuhusu matumizi na gharama. Na mwingine atadakia kwamba nyumba hiyo sasa ina thamani kubwa, auziwe mtu. Hayo ni mambo matatu, na kila moja lina hesabu yake. Kwanza, nani ana fungu gani? Pili, nani ametumia nini, na nani ametoa nini? Tatu, nyumba ina thamani gani leo? Familia nyingi zinagombana kwa sababu jibu la swali moja linatumiwa kufuta swali jingine. Aliyekaa anasema gharama zake zimemaliza madai ya kodi, na madai ya kodi yanatumiwa kumnyang'anya fungu. Leo tuyatenganishe.

Tuchukue nyumba ya mfano. Iko Magomeni, Dar es Salaam, nyumba ya Kiswahili kama zilivyo nyingi pale: korido katikati, vyumba vitatu kulia, vitatu kushoto, uwani jiko na choo. Mwenye nyumba alikuwa Mwislamu, mkewe alitangulia mbele ya haki, wazazi wake pia. Ameacha watoto watano, wa kiume watatu na wa kike wawili. Kitindamimba, wa kiume, anaishi mle na mke na watoto wake. Anatumia vyumba vitatu. Vyumba vitatu vingine vina wapangaji, na kodi anapokea yeye.

Swali la kwanza ni jepesi. Kwa sheria ya Kiislamu mtoto wa kiume anapata mafungu mawili na wa kike fungu moja. Wanaume watatu ni mafungu sita, wanawake wawili ni mafungu mawili. Jumla mafungu manane. Kitindamimba ana mafungu mawili kati ya manane, yaani robo ya nyumba. Kaka zake wana robo kila mmoja, dada zake thumni kila mmoja. Kama marehemu angeacha mjane, yeye angechukua thumni yake kwanza kabla ya watoto kugawana. Kama marehemu angekuwa Mkristo, au mtu aliyeishi kwa mila za kabila lake, sheria inayotumika Tanzania Bara ingekuwa nyingine na mafungu yangebadilika. Lakini hesabu nitakayokuonyesha ingebaki ileile. Ungebadilisha tu idadi ya mafungu.

Angalia sasa jambo moja ambalo mafungu hayasemi. Hayasemi kwamba chumba fulani ni cha fulani. Robo ya kitindamimba imo katika kila tofali la nyumba ile, kama ilivyo thumni ya dada yake. Kwa hiyo asiseme "mimi nipo kwenye chumba changu." Na dada naye hawezi kusema "yule mpangaji wa chumba cha mwisho ni wangu." Mpaka mgawanyo ufanyike, wote wanamiliki chote.

Na kabla ya mgawanyo, nani mwenye mamlaka juu ya nyumba? Ni msimamizi wa mirathi. Kikao cha ukoo kinapendekeza jina, muhtasari unaandikwa, maombi yanapelekwa mahakamani, tangazo linatolewa ili mwenye pingamizi aseme, kisha mahakama inamteua. Katika mahakama ya mwanzo, msimamizi anatakiwa ndani ya miezi minne tangu kuteuliwa apeleke Fomu Namba 5, yenye orodha ya mali na madeni ya marehemu. Baadaye anapeleka Fomu Namba 6, yenye hesabu ya alivyokusanya na alivyogawa. Msimamizi hakupewa nyumba. Amepewa kazi: kukusanya mali, kulipa madeni, kugawa, na kurudisha hesabu mahakamani. Kodi ya wapangaji ni sehemu ya mali anayopaswa kuikusanya. Kwa hiyo kodi ikipokelewa na mrithi aliye ndani, huku msimamizi akitazama, swali la kwanza la mahakama litamwendea msimamizi.

Mambo yanakuwa magumu zaidi pale aliyeteuliwa kuwa msimamizi ndiye huyohuyo anayeishi ndani. Hapo anatakiwa adai kodi kwake mwenyewe, na wachache hufanya hivyo. Dalili utaziona: miezi minne imepita, fomu haijapelekwa, ukimwuliza kuhusu mgawanyo anakuambia "bado tunafuatilia." Warithi wana haki ya kurudi mahakama ileile iliyomteua, kuomba aamriwe kutoa hesabu, au uteuzi wake utenguliwe na ateuliwe mwingine. Kwa wakazi wa Dar es Salaam, Temeke kuna kituo jumuishi cha mahakama kinachoshughulikia mashauri ya familia, mirathi yakiwamo.

Tuje swali la pili: je, mrithi aliye ndani adaiwe kodi?

Hapa kuna fikra mbili, na zote unazisikia barazani hata kama wasemaji hawajui zilikotoka. Ya kwanza imetoka katika sheria tuliyorithi kwa Waingereza. Inasema mmiliki mwenza anayeishi katika mali ya pamoja hadaiwi kodi kwa sababu tu anaishi, maana ana haki ya kuwapo. Atadaiwa akiwazuia wenzake, kwa mfano akibadilisha kufuli au akimfukuza dada aliyetaka chumba. Lakini kodi aliyopokea kwa mtu baki ni ya wote, na atadaiwa. Fikra ya pili ni ya fiqhi ya Kishafi, inayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu. Kwa Shafi, manufaa ya nyumba yana thamani sawa na mali nyingine. Anayetumia fungu la mwenzake bila ridhaa yake anadaiwa ujira wa mfano, yaani kodi ambayo mtu baki angelipa kwa mahali pale.

Ukizitazama kwa makini, fikra hizi zinakutana mahali pawili. Zote mbili zinasema fedha ya wapangaji ni ya wote tangu siku ya kwanza. Na zote zinaupa uzito mkubwa ukimya na ridhaa. Ndugu walionyamaza mwaka mzima, wanaokuja Idi wanakula pilau uwani na kuondoka, ni vigumu kudai kwamba mdogo wao alikaa bila ridhaa yao. Lakini siku waliyosema "sasa tunataka chetu," ridhaa ile iliondoka.

Kwa hiyo, msikilizaji, tarehe ya kudai ina thamani ya fedha. Usidai kwa simu peke yake. Andika barua fupi: nyumba ipi, unadai nini, kuanzia lini. Mpe msimamizi nakala, aliye ndani nakala, na mmoja wenu atunze nakala iliyosainiwa kuwa imepokelewa. Ikiwezekana ipite serikali ya mtaa, igongwe muhuri. Bila tarehe hiyo mtabishana kwa kumbukumbu, na kila mtu ana kumbukumbu inayompendelea.

Sasa hesabu. Tuseme baba alifariki miezi 48 iliyopita, miaka minne. Barua ya madai iliandikwa mwezi wa 30. Kwa hiyo tuna miezi 30 ya ukimya na miezi 18 ya madai. Chumba kimoja mle kinapangishwa shilingi 70,000 kwa mwezi. Vyumba sita, ikiwa vyote vingepangishwa, vingeleta 420,000. Gawa kwa mafungu manane: kila fungu ni 52,500 kwa mwezi. Kitindamimba mwenye mafungu mawili haki yake ni 105,000. Lakini anatumia vyumba vitatu, vyenye thamani ya 210,000. Amezidisha 105,000 kila mwezi.

Hapa ndipo ndugu wa nje hukosea. Wanamdai kodi ya vyumba vyote vitatu, kana kwamba ni mpangaji aliyetoka mtaa wa pili. Yeye hawezi kujilipa kodi ya fungu lake mwenyewe. Anachodaiwa ni kile kilichozidi fungu lake, basi.

Kosa jingine ni kudai kodi kutokana na bei ya nyumba. Utasikia mtu akisema: "Nyumba ya milioni 160, huyu atupe walau milioni moja kwa mwezi." Hapana. Bei ya nyumba ya Magomeni inabeba kiwanja na matumaini ya ghorofa litakalojengwa kesho. Kodi inabeba chumba kama kilivyo leo, na choo cha uwani. Nyumba yetu ikipangishwa yote inaingiza 5,040,000 kwa mwaka. Ukigawa milioni 160 kwa kiasi hicho, unapata karibu miaka 32. Hakuna mpangaji wa chumba anayelipia ndoto ya mwekezaji. Kodi ya haki ni ile wanayolipa wapangaji wa vyumba vya jirani.

Tuendelee. Katika miezi 30 ya ukimya, tuseme kikao cha familia kimeamua hivi: kitindamimba hadaiwi kwa vyumba alivyokaa, naye hadai mgao wa kodi ya wapangaji, maana alikwishapata mahali pa kulala. Ni suluhu nzuri, nami naipenda. Basi kodi ya wapangaji watatu, 210,000 kwa miezi 30, ni 6,300,000. Hiyo ni ya ndugu wanne. Katika miezi 18 ya madai anadaiwa kodi ya wapangaji 210,000 pamoja na ile ziada ya 105,000. Jumla 315,000 kwa mwezi, na kwa miezi 18 ni 5,670,000. Ukijumlisha vipindi vyote viwili, 11,970,000.

Sasa zamu yake kudai. Alibadilisha mabati yaliyokuwa yanavuja, na amelipa kodi ya ardhi na ya jengo. Tuseme risiti zake zinafika 3,600,000. Gharama ya kuzuia nyumba isiharibike, na kodi za serikali, ni mzigo wa wote kwa mafungu yao. Yeye abebe robo, yaani 900,000. Wenzake wabebe 2,700,000. Toa hiyo katika 11,970,000, inabaki 9,270,000. Ndugu wanne wana mafungu sita, hivyo kila fungu ni 1,545,000. Dada apate hiyo, kaka apate mara mbili yake, 3,090,000.

Umeona? Hakuna aliyefutiwa haki yake. Bati limehesabiwa, kulala kumehesabiwa, kodi imehesabiwa. Na kumuuguza baba je? Hilo ni jema kubwa, lakini si gharama ya nyumba. Kama ndugu wanataka kumshukuru kwa kumsamehe sehemu ya deni, wafanye hivyo kwa hiari, na iandikwe kwamba ni msamaha. Kila mtu asamehe katika fungu lake mwenyewe. Kaka mkubwa hana uwezo wa kusamehe kwa niaba ya dada zake.

Sasa tufike swali la tatu, ambalo ndilo lenye mitego mingi: thamani.

Kitindamimba anasema: "Sawa, nitawanunua. Niambieni bei." Familia inatafuta karatasi yenye bei. Karatasi ya kwanza inayopatikana ni ile fomu ya mahakamani. Pale msimamizi aliandika, tuseme, nyumba milioni 60. Aliye ndani ataishikilia kwa mikono miwili. Lakini namba ile iliandikwa kwa makadirio, na mtu ambaye si mthamini, ili shauri liendelee. Tena iliandikwa miaka minne iliyopita. Haimfungi mtu katika kununuana. Fungu linalonunuliwa leo hulipwa kwa thamani ya leo, karibu na siku ya malipo. Kiwanja kilichopanda bei katika miaka hiyo minne kimepanda kwa ajili ya mafungu yote manane.

Karatasi ya pili ni ya dalali. Dalali anajua mtaa, na usimdharau. Ila bei anayokutajia ni ile wauzaji wanayotaka, na si ile waliyolipwa. Tena yeye anataka biashara ipite kwake.

Karatasi ya tatu ndiyo inayofaa: ripoti ya mthamini aliyesajiliwa kwa mujibu wa Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya 2016. Yeye huanza kwa kulinganisha: nyumba gani za mtaa huo au wa jirani zimeuzwa kweli karibuni, kwa bei gani, zina kiwanja cha ukubwa gani, ziko umbali gani na barabara, zina hati au leseni ya makazi tu. Kisha anaweza kupima kwa njia ya gharama: kiwanja kina thamani gani, na jengo lingegharimu kiasi gani kulijenga upya, toa uchakavu. Anaweza pia kutazama mapato ya kodi. Kwa nyumba kama yetu ya Magomeni, njia ya kwanza ndiyo inayobeba uzito, maana mnunuzi wa mle mara nyingi ananunua ardhi, na jengo analiangusha.

Ukipokea ripoti hiyo, isome mpaka mwisho. Ripoti nyingi, hasa zilizoandikwa kwa mtindo wa benki, zina bei mbili. Moja ni thamani ya soko, ambapo muuzaji na mnunuzi wako huru na wana muda. Nyingine ni thamani ya kuuza kwa haraka, kama benki inapopiga mnada nyumba ya mdaiwa. Hii ya pili iko chini sana. Mrithi anayenunua wenzake akiwatumia ukurasa mmoja tu wa ripoti, mwombe ripoti nzima. Hakuna mnada hapa. Ndugu wanaomwuzia ndugu yao wana haki ya thamani ya soko.

Mtego mwingine unafanana na huo. Aliye ndani atasema: "Fungu la dada ni thumni. Nani mtaani atanunua thumni ya nyumba yenye watu? Kwa hiyo nitampa nusu ya bei." Ni kweli, mtu baki angelipa kidogo kwa thumni hiyo, au asilipe kabisa, kwa sababu anajinunulia ugomvi. Lakini ndugu anayekusanya mafungu yote hanunui ugomvi, anaumaliza. Mwisho wa safari atakuwa na nyumba nzima, anaweza kuiuza kesho kwa bei kamili. Kwa hiyo thumni ya dada ihesabiwe kama thumni ya nyumba nzima, bila punguzo la kuwa kipande. Wala pasikatwe ada ya dalali, maana dalali hayupo.

Kuna suala la vigae. Kitindamimba wetu, mbali na bati, aliweka vigae na dari mpya. Ametumia milioni tisa na anataka zirudi zote. Hii ni tofauti na bati. Bati lilizuia nyumba isioze. Vigae ni mapenzi yake, na hakuwauliza wenzake. Hata hivyo si haki wenzake wafaidike na vigae bure. Mwambie mthamini atoe bei mbili: nyumba kama ilivyo, na nyumba kama isingekuwa na vigae wala dari hiyo. Tuseme anasema milioni 164 na milioni 160. Ile tofauti ya milioni nne ni yake, hata kama risiti zinasema tisa. Kinachogawanywa ni milioni 160. Na kama mthamini angesema mnunuzi yeyote ataivunja nyumba, tofauti ingeweza kuwa sifuri, na vigae vingebaki starehe aliyokwisha kuifaidi.

Na mthamini achaguliwe na nani? Wote wakubaliane jina moja, walipe gharama kwa mafungu, na waandike kabla ya kazi kuanza kwamba matokeo yatawafunga. Kama hawaaminiani, kila upande ulete wake. Ripoti zikitofautiana kidogo, mgawane tofauti. Zikitofautiana sana, msikimbilie kuchukua wastani. Waulize wathamini wote wawili walilinganisha na nyumba zipi. Mara nyingi utakuta mmoja amechukua nyumba ya kando ya barabara kuu, mwingine ya ndani uchochoroni.

Tumalize hesabu. Milioni 160 kwa mafungu manane, kila fungu milioni 20. Dada milioni 20 kila mmoja, kaka milioni 40 kila mmoja. Kitindamimba akitaka nyumba yote anahitaji milioni 120, na juu yake deni la 9,270,000. Wengi hawana fedha hiyo, na hapa ndipo "nitawanunua" hugeuka kuwa njia ya kukaa miaka mingine minne.

Kwa hiyo ahadi ya kununua ipewe muda, tuseme miezi sita. Muda ukipita, thamani ipimwe upya. Akitaka kulipa kwa awamu, inawezekana, ila mpaka fungu lilipwe, mwenye fungu anaendelea kupata kodi yake. Tuseme ameanza na dada wawili, amewalipa milioni 40. Sasa ana mafungu manne, nusu ya nyumba, na haki yake kwa mwezi ni 210,000, ambayo ni sawa kabisa na vyumba vitatu anavyokalia. Hadaiwi tena kwa kulala. Lakini kodi ya wapangaji, 210,000, sasa yote ni ya kaka wawili, kila mmoja 105,000, mpaka siku atakapowalipa. Kwa mpango huo kuchelewa kuna gharama, na gharama hiyo inamwangukia anayechelewa.

Malipo yapite benki. Mkataba usainiwe mbele ya wakili, na msimamizi awemo, maana mpaka majina yabadilishwe yeye ndiye anayeweza kuhamisha. Kabla ya kusaini mwulizeni pia afisa wa kodi kama kuhamishiana huko kunatozwa chochote, ili kodi hiyo isije ikaangukia mtu ambaye hakuipigia hesabu.

Na ikiwa hakuna anayeweza kununua, na kugawa vyumba kwa mafungu hakuwezekani? Nyumba iuzwe, kila mmoja achukue fungu lake. Kama mirathi haijafungwa, jambo hilo linabaki kwa msimamizi na mahakama iliyomteua. Kama imefungwa na majina ya warithi yameshaandikwa kama wamiliki wa hisa, hapo ni mgogoro wa wamiliki wenza, na njia yake ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Sheria ya Ardhi ya 1999 inatambua mgawanyo wa mali ya pamoja, na pia kuiuza pale kugawanyika kusipowezekana. Ukienda mlango usio wako utapoteza miezi kabla ya kuambiwa urudi, kwa hiyo kwanza uliza: mirathi imefungwa au haijafungwa?

Ila kabla ya mlango wowote, nendeni na karatasi nne: orodha ya mafungu, barua ya madai yenye tarehe, daftari la kodi na gharama pamoja na risiti, na ripoti ya mthamini. Ndugu wenye karatasi hizo nne mara nyingi huishia kikaoni, kwa sababu kinachobaki cha kubishania ni kidogo. Wasiokuwa nazo watabishana kuhusu nani alimpenda baba zaidi, na hilo hakuna hakimu anayeweza kulipigia hesabu.

Msikilizaji, hayo ndiyo ya leo. Tukutane wiki ijayo, wakati kama huu. Kwaheri.